Baridi ya kiangazi Kapata: namna ya kukimbia asubui bila kuumia kifua

Mwezi wa sita na wa saba, wakaaji wa Kapata wanaopenda kukimbia mapema wanalalamika kitu kimoja: koo inakauka, kifua kinabana, na kikohozi kinaanza kisha tu kusimama. Wengi wanasema ni baridi. Lakini kosa kubwa ni la ukavu wa hewa.

Mtu akitembea, anapumua kwa pua, na pua inapasha hewa moto na kuitia unyevu. Akikimbia kwa nguvu, pua haitoshi tena, anafungua kinywa. Hapo hewa kavu inafika ndani na kukausha njia za pumzi, nazo zinajikaza. Kwa kawaida kubanwa kunazidi dakika 5 mpaka 10 kisha kusimama, na kunapungua ndani ya saa moja. Mbele ya jua kutoka, hewa ya baridi inalala chini pamoja na moshi wa makala na vumbi ya barabara ya makamyo. Basi afazali kungojea jua lipande kidogo, na kuchagua njia ya mbali na makamyo.

Dawa ya kwanza ni kupasha mwili polepole. Tuseme mtu anataka kukimbia dakika 40. Dakika 5 za kwanza anatembea haraka, halafu dakika 10 anakimbia mwendo wa kuweza kuongea. Kisha anakimbia kwa nguvu sekunde 30 na kutembea dakika moja, mara 6. Kwa watu wengi, hizo mbio fupi zinafanya njia za pumzi zisijikaze sana kwa muda wa saa moja ao mbili. Akianza mbio kali moja kwa moja kutoka kitandani, hapati faida hiyo. Kitambaa chepesi juu ya pua na kinywa kinasaidia pia, maana kinarudisha unyevu wa pumzi.

Kwa nguo, ya ndani isiwe triko ya pamba: inanyonya jasho, inabaki mbichi, na mtu anapata baridi anapopunguza mwendo. Mayo ya mupira ni nzuri zaidi. Juu yake avae pulova nyepesi ya kufunga kiunoni joto likipanda. Koti ya kuzuia upepo ni ya siku ya upepo tu. Mtu akitoka nyumbani asikie baridi kidogo. Kama anasikia vizuri mlangoni, kisha dakika 10 atalowa jasho.

Kifua kikipiga filimbi, ao kubanwa kukirudia kila mara, aende kwa munganga: inaweza kuwa pumu. Kama mtu anashindwa kumaliza sentensi juu ya pumzi, asingojee. Wamupeleke kituo cha afya palepale.