Masdari: juu ya nini Kiarabu kinatuomba kukariri

Mwenye kujifunza Kiarabu anafika haraka kwenye ukuta mmoja: masdari. Ni jina linalotaja tendo lenyewe, bila kusema nani alilitenda wala lini. Kwetu kazi hiyo inafanywa na "ku-": kulima, kuvuna, kutoka. Kanuni moja, kwisha. Mimi nilisoma agronomi mpaka lisansi, na tangu miaka mbili ninajifunza Kiarabu jioni. Swali lililonisumbua njo hili: kwa nini vitenzi vingine vinatoa masdari kwa kanuni safi, na vingine lazima ukariri moja moja? Nilipotafuta, nilikuta watu walikwisha kulibishania nchini Iraki zaidi ya miaka elfu moja iliyopita.

Tuanze na mfano. Mzizi kh-r-j unabeba maana ya kutoka. (Nikiandika vokali mara mbili, sauti ni ndefu.) Kitenzi cha msingi, yaani umbo la 1, ni kharaja, "alitoka". Umbo la 4 ni akhraja, "alitoa nje", na masdari yake ni ikhraaj. Umbo la 5 ni takharraja, na masdari takharruj. Leo neno hilo linamaanisha kuhitimu masomo: mwenye lisansi "ametoka" chuoni. Umbo la 10 ni istakhraja, na masdari istikhraaj, kuchimbua au kukamua kitu kutoka ndani, neno linalotumiwa kwa madini pia kwa mafuta.

Sasa badilisha mzizi, kanuni inabaki. Umbo la 2 linatoa ta-...-ii-: fassara, alifasiri, ni tafsiir, na kwetu ikawa tafsiri. Umbo la 8 linatoa i-...-ti-...-aa-: ikhtilaaf, kwetu hitilafu, ijtihaad, kwetu jitihada. Umbo la 3 lina njia mbili: jaahada ni mujaahada au jihaad. Hata palipo na kasoro, inaonekana mapema. Mzizi ukiwa na "w" katikati, kama k-w-m, umbo la 4 linapoteza "w" hiyo na kulipa deni kwa "a" mwishoni: akaama, ikaama. Hiyo njo ikama ya msikitini kabla ya sala. Ukishajua mizani hizi, unaweza kuunda masdari ya kitenzi ambacho hujawahi kukisikia.

Rudi kwa umbo la 1, na mambo inageuka. Kharaja, alitoka: khuruuj. Fahima, alielewa: fahm. Fariha, alifurahi: farah. Alima, alijua: ilm. Rahima, alihurumia: rahma. Shakara, alishukuru: shukr, na tena shukraan. Vitenzi sita, na karibu kila kimoja kina mzani wake. Vitabu vya nahau vinaorodhesha mizani zaidi ya thelathini kwa umbo hili moja.

Wanahau wa zamani waliita kundi la kwanza kiyaasi, yaani linalopimwa kwa kanuni. Ndugu yake kwetu ni neno kiasi. La pili waliliita samaai, linalojulikana kwa kusikia tu. Na kusikia kwenyewe kulitegemea fasi. Al-Farraa, mwanahau wa Kufa aliyekufa mwaka 822, alitoa shauri hili: ukikutana na kitenzi cha mzani faala ambacho masdari yake haikusikiwa, ipe mzani mfupi, faal, kwa lugha ya Hijazi, na mzani mrefu, fuuul, kwa lugha ya Najdi. Maana yake, kila kabila lilikuwa na desturi yake. Kiarabu cha vitabu kikapokea yote kwa pamoja, njo maana leo tunabeba mzigo wote.

Hapo njo ubishi wa miji miwili unapoingia. Basra na Kufa zilijengwa katika karne ya 7, na kila moja ikawa na shule yake ya nahau. Ibn al-Anbari, mwanachuoni wa Baghdadi aliyekufa mwaka 1181, alikusanya mabishano yao 121 katika kitabu kiitwacho Al-Insaaf. Jina hilo lenyewe ni masdari ya umbo la 4, "kutenda haki". Bishano moja linauliza: kati ya kitenzi na masdari, kipi ni mzazi?

Watu wa Basra walisema mzazi ni masdari. Sikiliza jina: "masdar" ni mahali ngamia wanapotokea wakisha kunywa maji, yaani chimbuko. Halafu wakaleta hoja ambayo mwanafunzi ataielewa kwa uchungu: kama masdari ingezaliwa na kitenzi, ingekuwa na mzani mmoja, sawa vile jina la mtendaji lilivyo na mzani mmoja. Lakini inatofautiana ovyo, sawa na majina ya kawaida kama mtu na nguo. Basi ni jina la asili, haikuundwa kwa kanuni.

Watu wa Kufa wakajibu: angalieni masdari inavyomfuata kitenzi. Katika kaama, alisimama, "w" ya mzizi imedhoofika, na masdari nayo inadhoofika: kiyaam. Katika kaawama, alipinga, "w" imebaki nzima, na masdari inaibakiza: kiwaam. Mtoto anarithi ugonjwa na afya ya mzazi.

Maoni yangu: kila mji ulishika upande mmoja wa ukweli. Hoja ya Basra inaeleza vizuri umbo la 1, ambapo masdari nyingi zinaishi sawa majina huru. Hoja ya Kufa inaeleza vizuri maumbo ya 2 mpaka 10, ambapo masdari inatoka kwenye kitenzi kama tofali kwenye kalibu.

Kiswahili chetu kinatoa ushahidi kwa Basra. Maneno hayo yalitufikia kama majina, na sisi tukayapa vitenzi baadaye. Kutoka kusudi, ambayo ni masdari kasd, tulizaa kukusudia. Tafsiri ikatuzalia kutafsiri, na hitilafu ikatoa kuhitilafiana.

Na tusicheke Kiarabu. Kulima kunatoa kilimo, kuvuna kunatoa mavuno, kupalilia kunatoa palizi. Nani alitufundisha kanuni? Hakuna. Tulisikia tu nyumbani na shambani. Hizo ni samaai zetu.

Sasa, kukosea masdari kunaharibu nini? Chukua raa, "aliona". Ina masdari tatu. Ru'ya, kwa "a" fupi, ni kuona kwa macho. Ru'yaa, kwa "aa" ndefu, ni ndoto. Ra'y ni kuona kwa akili, na kwetu ni rai, kama tunapotoa rai mkutanoni. Kitenzi ni kimoja, lakini ukichagua masdari vibaya, maoni yako yanageuka ndoto.

Njo maana kamusi ya Hans Wehr inaandika masdari pembeni ya kitenzi kwa umbo la 1, na kwa mengine inaacha ujiundie. Mimi ninafuata njia hiyo katika daftari: kila kitenzi cha umbo la 1 ninakiandika pamoja na masdari yake, kharaja khuruuj, fahima fahm, kama mtu na jina la babake. Kuna mielekeo inayosaidia: mzani wa ziraa'a, ukulima, unapenda kazi za mikono na biashara, kama tijaara, mzani wa su'aal, kikohozi, unapenda magonjwa na sauti, mzani wa ghalayaan, kuchemka, unapenda vitu vinavyotikisika, na huo Sibawayhi wa Basra alikwisha kuueleza katika karne ya 8. Lakini mwelekeo si kanuni. Unakusaidia kukumbuka neno ulilokwisha kulisikia, haukupi haki ya kulitunga.