Nyumba ya mabati Lubumbashi: rangi kwanza, plafo nyuma

Mwisho wa mwezi wa kumi, saa sita, jua la Lubumbashi linasimama wima juu ya kichwa, na mvua bado haijashuka sana. Njo wakati nyumba za mabati za Katuba, Kenya na Ruashi zinakuwa sawa tanuru ya matofali, watu wanatoka kukaa chini ya muembe.

Joto hilo haliingii sana kwa mlango. Bati linachemka, kisha linalitupa chini moja kwa moja juu ya watu. Bati la kutu njo baya zaidi. Bati jipya linarudisha sehemu ya jua, lakini likiisha kupata moto haliutoi upesi. Rangi nyeupe inafanya yote mbili: inarudisha jua, na joto linalobaki inalitoa haraka kwenye hewa.

Tuseme nyumba yenye paa la meta 60 za mraba. Mawimbi ya bati yanaongeza eneo, kwa hiyo uhesabu 66. Kama lita moja inapaka meta 6, tabaka mbili zinaomba lita 22. Ndoo moja ya lita 20 haitoshi, na fundi akiongeza maji ili aimalize kazi, rangi inakuwa nyepesi na haidumu.

Rangi iwe ile ya maji, ya nje. Rangi ya mafuta ikiwekwa moja kwa moja juu ya bati la zinki inabanduka vipande vipande. Bati lioshwe kwa sabuni na likauke. Fasi ya kutu isuguliwe kwa brosi ya chuma, ipakwe kwanza rangi ya kuzuia kutu. Jaribu kipande kidogo: kisha siku chache bandika skochi, uivute. Ikitoka na rangi, bati halikuoshwa vizuri. (Paa la eternite la zamani lisisuguliwe hata kidogo, juu ya vumbi lake linaharibu mapafu.)

Chokaa ni ya bei ndogo, lakini mvua inaiondoa. Na hata rangi nzuri inashindwa na vumbi jekundu la kiangazi: paa likigeuka jekundu, linakunywa jua tena. Lioshwe mwezi wa tisa.

Plafo ya tripleksi ao frigoliti inakuja nyuma, kwa kuzuia lile joto kidogo linalobaki. Isigusane na bati. Acha nafasi ya hewa, na matundu yenye wavu chini ya paa pande zote mbili, ili hewa ya moto itoke. Bila matundu, joto linakusanyika pale juu mpaka usiku. Frigoliti inawaka upesi, basi ikae mbali na nyaya za umeme. Makaratasi hayafai: asubuhi za mwezi wa sita bati linatoa jasho, matone yanaanguka, na doa jeusi kwenye plafo njo alama ya kwanza.

Ukuta wa matofali unaopigwa na jua la mangaribi utabaki moto mpaka usiku. Rangi ya paa haiufikii.