Umri Ulipowadanganya Madaktari: Kisukari Kilichopewa Jina Lisilo Lake

Leo tutarudi nyuma kidogo, tuone jinsi ilivyogunduliwa kwamba baadhi ya watu wanaoambiwa wana kisukari cha aina ya pili wana ugonjwa mwingine.

Kwa miaka mingi madaktari waligawanya kisukari kwa kuangalia umri. Kikimpata mtoto, kiliitwa cha utotoni, naye akadungwa insulini. Kikimpata mtu mzima, kiliitwa cha ukubwani, naye mara nyingi akapewa tembe. Mwaka wa 1974, jijini London, mazoea hayo yalitikiswa kutoka pande mbili.

Upande mmoja walikuwa Gian Franco Bottazzo na Deborah Doniach. Katika damu ya baadhi ya wagonjwa wa kisukari walipata kingamwili dhidi ya kongosho. Hizo ni alama kwamba askari wa mwili wamegeuka na kushambulia sehemu inayotengeneza insulini. Mwaka wa 1977 watafiti wa Edinburgh walizipata alama hizo hata kwa watu wazima waliokuwa wakimeza tembe. Mwaka wa 1993 watafiti wa Australia na Finland walipotumia kipimo cha kingamwili kiitwacho GAD, picha ikawa wazi zaidi. Ugonjwa huo ukaitwa LADA, yaani kisukari cha kingamwili kinachojificha kwa mtu mzima.

Kinajificha vipi? Tuchukue mfano wa mama wa miaka 38, mwembamba, mwenye kilo 60. Sukari yake kabla ya kula asubuhi ni 13. Anapewa tembe, inashuka hadi 7, na kila mtu anafurahi. Kongosho lake bado lina akiba. Lakini uharibifu unaendelea polepole. Mwaka wa pili tembe zinaongezwa, na bado sukari inapanda hadi 19. Anakunywa maji usiku kucha, na uzito unashuka hadi kilo 51. Nyumbani anashukiwa kuwa anakula sukari kwa siri, na kliniki anaambiwa hafuati masharti. Kumbe anafuata yote. Insulini ndiyo imekwisha mwilini. Kipimo cha GAD kinaonyesha kingamwili, na kipimo cha si-peptaidi kinaonyesha kongosho linatoa insulini kidogo mno. Anaanza kudungwa insulini, na uzito unarudi.

Mtu kama huyu akikawia, damu huweza kujaa asidi. Ukimwona anatapika, tumbo linamuuma, anapumua kwa nguvu na kwa haraka, usingoje siku ya kliniki. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, hata ikiwa ni usiku.

Upande wa pili alikuwa Robert Tattersall. Mwaka huo huo wa 1974 alieleza habari za familia tatu ambamo kisukari kilishuka kutoka kizazi hadi kizazi, kikiwapata watu wangali vijana, lakini kikiwa chepesi. Mwaka uliofuata, yeye na Stefan Fajans wa Marekani walikieleza zaidi kwa jina la MODY. Hapa hakuna shambulio la kingamwili; kuna jini moja tu lenye kasoro. Mzazi aliye nalo ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kumrithisha kila mtoto.

Mwaka wa 2003 watafiti wa Exeter, Uingereza, walionyesha kwamba watu wenye aina moja ya MODY husaidiwa sana na tembe za kundi la glibenklamidi, kuliko metaformini. Kwa hiyo jina lisilo sahihi laweza kumnyima mmoja insulini anayoihitaji, na kumdunga mwingine sindano za bure.

Vipimo hivi ni ghali, na cha jini ni adimu. Tena havimalizi mambo yote. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2025 kutoka Kameruni, Uganda na Afrika Kusini uliwakuta vijana wengi wanaotumia insulini wakiwa hawana kingamwili hata kidogo. Kukosa kingamwili, basi, si ruhusa ya kuacha insulini.

Lakini kuna habari ambazo wewe mlezi unaweza kuzipeleka kliniki bila kulipa chochote. Andika uzito wa mgonjwa kila mwezi. Andika ni nani katika ukoo aliyepata kisukari, kwa upande gani, na akiwa na umri gani. Taja pia kama kuna mwenye ugonjwa wa tezi la shingo, kwa kuwa mara nyingi huandamana na LADA. Mgonjwa asiache wala asibadilishe dawa kabla ya kumwona daktari. Ila akiwa anakonda huku akimeza tembe kama alivyoagizwa, muulize daktari hivi: "Je, hii ni aina ya pili kweli?"