Utata wa mawanda

Utata wa mawanda ni hali ya sentensi moja kuwa na maana mbili au zaidi kwa sababu haijulikani ni neno lipi la kiasi, au la kukanusha, linalolitawala jenzake. Maneno ya kiasi ni kama *kila*, *wote*, *baadhi*, *mmoja*, *wawili* na *yeyote*. Mawanda ya neno ni ile sehemu ya sentensi iliyo chini ya mamlaka yake. Utata huu si ule uliozoeleka shuleni, wa neno kama *kaa*, ambalo ni mnyama wa mikokoni na pia ni kipande cha mkaa uwakao. Hapa kila neno lina maana moja tu. Kinachobadilika ni ngazi: nani yuko juu, nani yuko chini.

Mifano ya makala hii ni ya Ghuba ya Mnazi, kusini mashariki ya mji wa Mtwara, kuanzia Msimbati na Ruvula hadi maingilio ya mto Ruvuma. Bahari hiyo ni hifadhi tangu mwaka 2000, na chini ya ardhi yake kuna gesi asilia iliyogunduliwa mwaka 1982.

Tuanze na gesi. Mwishoni mwa mwaka 2012, serikali ilipokuwa ikijiandaa kujenga bomba la kuipeleka gesi Dar es Salaam, Mtwara ilijaa kauli moja: "Gesi haitoki". Kauli hiyo haina neno la kiasi hata moja, na ndiyo maana haikumtatiza mtu. Nomino ikikaa peke yake mbele ya kitenzi kilichokanushwa namna hii, kanusho huitawala: hakuna gesi itakayotoka, basi. Sasa tuongeze neno moja dogo tuone: "Gesi *yote* haitoki."

Msikilizaji mmoja atasema ni kauli ileile, ila kwa mkazo. Mwingine atasikia jambo la upole zaidi: itoke kiasi, nyingine ibaki hapa. Wote wawili wamesikia Kiswahili sawasawa. Wanamantiki huziandika maana hizo kwa alama, ambapo ∀x husomwa "kwa kila x", ¬ husomwa "si kweli kwamba", na → husomwa "ikiwa … basi". G ni "ni gesi ya Mnazi" na T ni "inatoka Mtwara".

```
(1)  ∀x (G(x) → ¬T(x))
(2)  ¬∀x (G(x) → T(x))
```

Katika (1) *yote* iko juu na kanusho liko chini: chukua gesi yoyote ya Mnazi, hiyo haitoki. Katika (2) kanusho limepanda juu: si kweli kwamba gesi yote inatoka. Alama ni zilezile, idadi ni ileile. Ni ¬ tu iliyohama. Maumbo haya ndiyo yanayoitwa maumbo ya kimantiki ya sentensi, na sentensi tata kimawanda ni ile yenye umbo moja la maneno na maumbo mawili au zaidi ya kimantiki.

Kiswahili hutia kanusho ndani ya kitenzi (*ha-i-toki*), nalo haliwezi kutembea lenyewe likajiweka mbele ya *yote*. Kazi hiyo hufanywa na maneno mengine. Anayetaka maana ya pili husema "Si gesi yote itakayotoka". Anayetaka ya kwanza husema "Hakuna gesi itakayotoka". *Si* na *hakuna* zikitangulia sentensi, hutawala yote yanayofuata na utata unakwisha. Katika mazungumzo sauti nayo husaidia: mtu akiikaza *yote* na kuipandisha mwishoni, wengi husikia maana ya pili. Shida huja pale maneno yanapotoka mdomoni na kuingia kwenye muhtasari wa mkutano wa kijiji. Katibu akiandika "Wanakijiji wote hawakushirikishwa", karatasi haibaki na sauti. Msomaji wa wilayani hawezi kujua kama hakuna aliyeitwa au kama wameitwa baadhi wakaachwa wengine, na majibu ya malalamiko hayo mawili hayafanani.

Mfano wa pili hauna kanusho, na ndio unaopendwa na wanamantiki:

"Kila mvuvi aliinua dema moja."

Dema ni mtego wa kusukwa, unaozamishwa na kuachwa mpaka samaki waingie. Tuseme wavuvi ni wanne. Je, madema ni mangapi? Kwa alama, M ni mvuvi, D ni dema, I(x,y) ni "x aliinua y", ∃y ni "lipo y" na ∧ ni "na":

```
(3)  ∀x (M(x) → ∃y (D(y) ∧ I(x,y)))
(4)  ∃y (D(y) ∧ ∀x (M(x) → I(x,y)))
```

Katika (3) *kila* iko juu. Unaanza na mvuvi, kisha unamtafutia dema lake. Ukifika kwa mvuvi wa pili unatafuta upya. Yanaweza kuwa madema manne, matatu, mawili, hata moja. Katika (4) *moja* iko juu: kwanza unalishika dema, kisha unauliza kama wavuvi wote waliliinua hilohilo.

Mara nyingi si sarufi inayomwongoza msikilizaji kuchagua, ni kazi yenyewe. Badilisha chombo useme "Kila mvuvi alivuta juya moja". Juya, ambalo wengine huliita kokoro, huvutwa ufukweni na kundi la watu kwa kamba mbili, hivyo mtu wa pwani huona wavu mmoja na mikono mingi: umbo (4). Sema "Kila mvuvi alitupa mshipi mmoja", na mtu huyohuyo ataona mishipi minne, maana mshipi ni wa mkono wa mtu mmoja. Sentensi hizo zimejengwa sawasawa kabisa. Asiyejua uvuvi hana namna ya kuamua.

Hapa kuna jambo linalowaponza wanafunzi. Kila hali inayoifanya (4) kuwa kweli huifanya na (3) kuwa kweli: wote wanne wakiinua dema lilelile, basi kila mmoja ameinua dema. Kwa hiyo mtu anaweza kudai kwamba sentensi haina utata wowote, ina maana moja pana, ile ya (3), na (4) ni namna tu ya jambo hilo kutokea. Hoja hii ina uzito, na mfano wa dema peke yake hauivunji. Sentensi yetu ya gesi nayo iko hivyohivyo: maadamu gesi ipo, (1) ikiwa kweli, (2) nayo ni kweli.

Ili kuthibitisha utata ni lazima ipatikane hali ambapo maana moja ni kweli na nyingine si kweli, na kinyume chake. Ongeza *tu*: "Kila mvuvi aliinua dema moja tu." Waite wavuvi A, B, C na D. Siku ya kwanza kila mmoja ameinua dema lake mwenyewe, moja, basi. Kwa maana ya kwanza (kila mmoja kwa hesabu yake aliinua moja, wala si zaidi) sentensi ni kweli. Kwa maana ya pili (lipo dema moja tu lililoinuliwa na wote) si kweli, kwa sababu hakuna lililopita mikononi mwa wote. Siku ya pili B, C na D wameinua dema la kwanza tu, lakini A ameinua la kwanza na la pili. Sasa maana ya kwanza imeanguka, kwani A ana mawili. Ya pili imesimama, kwani lililoinuliwa na wote ni lile la kwanza peke yake. Maana hizo mbili hazibebani tena. Utata ni wa kweli.

Kiswahili hakina kibainishi kama vile vya lugha za Ulaya vya kutofautisha "dema fulani" na "dema lolote", lakini kina zana zake, tena nzuri. Ya kwanza ni kiambishi cha yambwa. Linganisha "Kila mvuvi aliinua dema" na "Kila mvuvi ali*li*inua dema". Kwa vitu visivyo na uhai, *-li-* hiyo huashiria dema linalojulikana, na mawanda ya dema hupanda juu. Kwa viumbe alama hii haitoshi, kwa sababu *alimwona pweza* husemwa hata pweza asipojulikana. Ya pili ni kuleta nomino mwanzoni: "Dema moja liliinuliwa na kila mvuvi", au bila kuacha shaka, "Kuna dema moja ambalo kila mvuvi aliliinua".

Ya tatu ni kurudia namba, na kwangu hii ndiyo bora kuliko zote. "Wanawake watatu walipata pweza wawili" inaweza kuwa na pweza wawili kwenye kapu la pamoja, au sita, wawili kwa kila mwanamke. "Wanawake watatu walipata pweza wawili wawili" ni sita, hakuna mjadala. Mrudio huilazimisha namba ikae chini ya kundi na kuhesabiwa upya kwa kila mtu. Mchuuzi anayenunua pweza maji yakiwa yamekupwa hutumia umbo hili bila kufikiri, na ni umbo la kimantiki lililo wazi ndani ya neno lenyewe.

Alama za namna hii zilianza na Gottlob Frege wa Ujerumani mwaka 1879. Mantiki ya Aristotle iliyotumika kabla yake ilimudu "kila" moja au "baadhi" moja kwa kauli, lakini haikuwa na njia ya kuweka moja ndani ya mawanda ya nyingine. Karibu karne moja baadaye Richard Montague alionyesha, katika makala iliyotoka mwaka 1973, jinsi sentensi za lugha ya kawaida zinavyoweza kupewa maumbo hayo kwa kanuni, hatua kwa hatua. Mwaka 1977 Robert May alipendekeza kwamba neno la kiasi huhama kimyakimya hadi mwanzo wa sentensi, hata kama halisikiki likihama. Wengine hawakubali kuhama kusikosikika, na ubishi huo haujaisha.

Tumalizie gesi. Bomba lenye urefu wa zaidi ya kilomita 500 lilikamilika, na mwaka 2015 mtambo wa kusafisha gesi wa Madimba, jirani na Msimbati, ulizinduliwa na gesi ikaanza kwenda Dar es Salaam. Mtambo wa umeme wa Mtwara mjini, uliokuwa ukiitumia gesi ya Mnazi tangu kabla ya bomba, uliendelea kuitumia. Hivyo "gesi yote haitoki" kwa umbo (1) ni uongo, na kwa umbo (2) ni kweli.