Kodi ya Fedha na Kodi ya Nafaka katika Ardhi za Vyuo vya Uingereza

Katika karne ya 16, bei nchini Uingereza zilipanda kwa miongo mingi. Mpangaji wa shamba mwenye mkataba mrefu na kodi isiyobadilika alinufaika, kwani aliuza mazao kwa bei mpya na kulipa kodi ya zamani. Mwenye ardhi alipokea sarafu zilezile, lakini zikinunua nafaka pungufu.

Sheria ya mwaka 1576 ilivitaka vyuo vya Oxford na Cambridge kutoza theluthi moja ya kodi kwa nafaka, ngano ikikadiriwa shilingi 6 na peni 8 kwa kipimo kiitwacho kwota. Kwa kadirio hilo, kodi ya pauni 30 iligawanyika kuwa pauni 20 taslimu na kwota 30 za ngano. Bei ilipofika mara nne, ngano hiyo ilithamini pauni 40. Pauni 20, zilizotosha awali kununua kwota 60, zilinunua 15 tu. Mwaka 1776 Adam Smith aliandika kuwa theluthi ya nafaka ilileta karibu mara mbili ya sehemu ya fedha.

Hasara iliyosalia vyuo viliifidia kwa kutoza malipo ya mkupuo kila mkataba ulipohuishwa.