Uko Leicester, mfanyakazi yuko Kisauni: saa, malipo na mkataba

Siku hizi si ajabu kusikia kuwa kijana fulani wa Kisauni au Likoni "anafanya kazi Uingereza" bila kutoka nyumbani. Mara nyingi aliyemwajiri ni mtu wa kwao aliyehamia huko, ana kabiashara kake, na anaona heri mshahara aupate mtu wa Mombasa. Nia ni njema. Lakini kwa sababu wanajuana, mambo huanza kwa simu ya WhatsApp na kuendelea hivyo hivyo mwaka mzima, hadi siku watakapokosana ndipo watafute karatasi isiyokuwapo.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate mpaka mwisho. Dada mmoja aliyekulia Mombasa anaishi Leicester na anauza leso na vikoi mtandaoni. Anataka mtu wa Kisauni ajibu wateja na kuandika hesabu, kwa Sh50,000 kwa mwezi.

Swali la kwanza si la pesa. Ni hili: je, huyu ni mwajiriwa, au ni mtu anayejitegemea anayemuuzia huduma? Wengi huandika juu ya karatasi kwamba ni "mtoa huduma" ili kukwepa usumbufu, kisha wakamtendea kama mwajiriwa. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ya Kenya haiishii kwenye jina lililoandikwa. Hutazama kazi yenyewe ilivyoendeshwa. Nani anapanga saa? Kompyuta ni ya nani? Anaruhusiwa kuwa na wateja wengine, au kumtuma mwenzake afanye kazi siku asipoweza? Akiharibu, hasara ni ya nani? Dada wetu akimtaka kijana awe mezani kila siku kuanzia saa fulani, amuombe ruhusa ya kwenda hospitali na asimfanyie kazi mtu mwingine, huyo ni mwajiriwa hata karatasi iseme nini. Akimpa kazi ya kufunga hesabu za mwezi, aifanye usiku au mchana apendavyo kisha amletee ankara, hapo kweli anajitegemea.

Tofauti hii inaonekana mara moja kwenye pesa. Akiwa mwajiriwa, Sh50,000 ni mshahara kabla ya makato. Kwa viwango vya 2025, NSSF inachukua asilimia 6, yaani Sh3,000. Bima ya afya ya SHA ni asilimia 2.75, sawa na Sh1,375, na ushuru wa nyumba ni asilimia 1.5, yaani Sh750. Kinachobaki ndicho kinachokatwa PAYE, ambayo baada ya nafuu ya Sh2,400 ya kila mwezi inakuwa karibu Sh5,850. Mkononi kijana anapata kama Sh39,000. Naye dada anaongeza Sh3,000 za NSSF na Sh750 za ushuru wa nyumba kutoka mfukoni mwake, kwa hivyo mfanyakazi wa Sh50,000 anamgharimu karibu Sh54,000.

Akiwa anajitegemea, anapokea Sh50,000 nzima, na hapa ndipo vijana wengi huumia. Pesa hiyo haijakatwa kitu, lakini ushuru wake upo palepale, kwani kazi imefanyika Kenya na anayelipwa ni mkaazi wa Kenya. Kwa kipato hicho kila mwezi, ushuru wa mapato wa mwaka unapita Sh80,000 kabla ya kuondoa gharama za kazi kama vile intaneti. Ukizidi Sh40,000 kwa mwaka, KRA huutaka kwa awamu ndani ya mwaka wenyewe, na ritani ya iTax lazima iwe imejazwa kufikia 30 Juni ya mwaka unaofuata. Bima ya SHA na ushuru wa nyumba pia anajilipia. Kwa hivyo mtu akiambiwa "mwenzako analipwa thelathini na tisa, wewe nakupa hamsini", asikimbilie kushangilia.

Kwa mwajiri aliye nje kuna ugumu wa kweli: ili akate PAYE na kuipeleka, anahitaji PIN ya KRA na kujisajiliwa kama mwajiri, pamoja na NSSF na SHA. Kwa mfanyakazi mmoja hiyo ni kazi nyingi. Ndiyo maana zipo kampuni zinazoajiri kwa niaba: kijana anakuwa mwajiriwa wao hapa Kenya, wao wanalipa na kukata kila kitu, na dada anawalipa wao mshahara pamoja na ada. Ada hiyo inaweza kuonekana kubwa kando ya mshahara wa Sh50,000, kwa hivyo wenye biashara ndogo wengi huishia kwenye njia ya kujitegemea. Si kosa, mradi kazi yenyewe ipangwe hivyo kikweli. Jambo moja la kuangalia: kijana asipewe mamlaka ya kutia saini mikataba na wateja kwa jina la biashara kama desturi, kwa kuwa KRA inaweza kusema biashara yenyewe sasa iko Kenya na faida yake itozwe ushuru huku.

Sasa saa. Kenya haibadilishi saa mwaka mzima, Uingereza inabadilisha. Wakati wa baridi Mombasa iko mbele kwa saa tatu, wakati wa joto kwa saa mbili. Mabadiliko huwa Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kwa 2026 ni tarehe 29 Machi na 25 Oktoba. Jumatatu inayofuata ndiyo siku ya malalamiko: mmoja amefika kwenye mkutano, mwingine bado anakunywa chai.

Ukisema tu "saa za ofisi za Uingereza", yaani 09:00 hadi 17:00, umemfunga mtu wa Kisauni kutoka saa sita mchana hadi saa mbili usiku wakati wa baridi. Alasiri, Magharibi na Isha zote zinaangukia kazini, na mwezi wa Ramadhani atafuturu huku simu ya mteja inalia. Afadhali saa zifungwe kwa Mombasa na Leicester ndiyo isogee. Kijana akifanya kazi 10:00 hadi 18:00 za Mombasa, anakuwa pamoja na dada kwa saa sita wakati wa baridi na saa saba wakati wa joto, na anamaliza kabla au karibu na adhana ya Magharibi, ambayo kwetu huingia kati ya saa kumi na mbili na saa moja kasorobo mwaka mzima. Ramadhani wakihamia 08:00 hadi 16:00, bado kuna saa nne za pamoja hata wakati wa baridi. Zinatosha. Kujibu wateja wa leso si kazi ya zimamoto.

Kuna na mtego wetu wenyewe. "Tuongee saa tisa" kwa aliyebaki nyumbani ni alasiri. Kwa aliyekaa Leicester miaka ishirini, huenda ni 09:00. Kwa hivyo katika maandishi tumieni tarakimu za saa 24, na mji utajwe: 12:00 Mombasa, 09:00 Leicester. Kwenye kalenda ya simu au kompyuta chagueni `Africa/Nairobi` na `Europe/London`. Usichague `GMT+0` kwa upande wa Uingereza, kwa sababu hiyo haisogei Machi inapofika, na mkutano utakosewa kwa saa moja hadi Oktoba.

Tukija kwenye kutuma malipo, kosa la kwanza ni kutaja mshahara kwa pauni bila kusema nani anabeba mabadiliko ya bei. Tuseme mmekubaliana pauni 300. Pauni ikiwa Sh170, kijana anapata Sh51,000. Ikishuka hadi Sh160, anapata Sh48,000, na kodi ya nyumba Kisauni haikushuka. Kwa mtu anayetumia shilingi, mkataba utaje shilingi, na useme wazi kwamba kiasi hicho ndicho kinachoingia kwa mpokeaji, ada zote zikiwa za mtumaji.

Maneno hayo yana maana zaidi ukituma kwa benki kupitia SWIFT. Pesa inaweza kupita benki ya katikati nayo ikachukua chake. Fomu ya benki huuliza nani analipa ada: `OUR` ni mtumaji, `BEN` ni mpokeaji, `SHA` ni kugawana. (SHA hiyo siyo ile ya bima.) Dada achague `OUR`. Kwa kiasi cha Sh50,000, huduma kama Wise kwa kawaida hufika haraka na kwa ada ndogo kuliko SWIFT, na hutuma moja kwa moja kwenye M-Pesa au akaunti ya benki ya Kenya. M-Pesa inatosha hapa: kikomo chake ni Sh250,000 kwa muamala mmoja na salio lisilozidi Sh500,000.

Ila huduma nyingi za kutumia jamaa pesa haziruhusu malipo ya biashara kupitia akaunti ya mtu binafsi. Miezi mitatu inapita vizuri, wa nne pesa inazuiwa na mtumaji anaulizwa uhusiano wake na mpokeaji na karatasi za kuthibitisha. Akijibu "ni ndugu yangu" kumbe ni mfanyakazi, amejitia pabaya. Fungua akaunti ya biashara tangu mwanzo, tuma kwa laini iliyosajiliwa kwa jina la mfanyakazi mwenyewe, si ya mkewe wala ya binamu, na kila malipo yawe na ankara au hati ya mshahara inayolingana nayo. Karatasi hizo ndizo kijana atakazohitaji siku akiomba mkopo.

Mkataba wenyewe hauhitaji kurasa ishirini. Kwa mwajiriwa, Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inataka uwe wa maandishi kazi ikiwa ya miezi mitatu au zaidi. Humo ndani iwemo siku moja ya mapumziko kila wiki, likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka, na notisi ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi. Kuandika kwamba mkataba unafuata sheria ya Uingereza hakufuti haki hizi kwa mtu anayefanya kazi Mombasa. Anayefutwa bila sababu wala kusikilizwa anaweza kwenda mahakamani, na fidia inaweza kufika mshahara wa miezi 12.

Kwa anayejitegemea, mtajiandikia wenyewe: kazi gani, kwa bei gani, ankara ije siku gani na ilipwe baada ya siku ngapi. Kwa wote wawili, taja sikukuu za nchi gani zinafuatwa, maana Idi hapa ni sikukuu na Leicester ni siku ya kazi. Taja pia nani analipia bando, na umeme ukipotea saa tatu hizo zinafidiwaje. Mwisho, andikeni akaunti za duka ni za nani. Barua pepe na ukurasa wa biashara vifunguliwe kwa jina na namba ya dada, kijana apewe ruhusa ya kuingia tu, ili siku ya mwisho ya notisi anapolipwa na ruhusa hiyo iondolewe, duka lisibaki kwenye simu ya mtu.