Kitambulisho Kikiinuliwa

Ukitaka kuandika hotuba inayosimama juu ya kitu kimoja mkononi, Garissa huna haja ya kutafuta mbali. Kitu chenyewe ni kitambulisho. Wazee wengi bado hukiita kipande, na jina hilo lina umri wa zaidi ya miaka mia moja.

Sheria ya kipande ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kubeba karatasi yenye alama za vidole vyake na rekodi ya waajiri wake, ndani ya kisanduku cha bati kilichoning'inia shingoni. Mwanzoni mwa 1922 Harry Thuku alikuwa akiwahimiza watu kwenye mikutano yake wavue vipande hivyo, vikatupwe kwenye makao ya gavana. Mimi huandika hotuba na michezo ya mtu mmoja, na kila nikimsoma Thuku naona jambo lile lile: kifaa cha hotuba yake hakikuwa mkononi mwake peke yake. Kila aliyemsikiliza alikuwa nacho kifuani, kikigonga mbavu akipumua. Thuku akisema "kipande", mkono wa msikilizaji unajua pa kwenda. Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922, na siku mbili baadaye polisi wakawafyatulia risasi watu waliokuja kudai aachiliwe. Yeye akapelekwa uhamishoni Kismayu, ambayo wakati huo ilikuwa bado sehemu ya Kenya, na baadaye Marsabit. Yaani msemaji wa kipande alitupwa huku kwetu kaskazini.

Huku kaskazini mkono nao una kumbukumbu yake. Basi linalotoka Garissa kwenda Nairobi huvuka daraja la Tana kuelekea Madogo, na kwa miaka mingi abiria wa njia hii wamezoea kuambiwa washuke, wapange foleni, watoe vitambulisho. Kadi hushikwa kwa kidole gumba na cha shahada, karibu na shavu, ili askari alinganishe sura na picha. Sasa hapo ndipo mwandishi anapopata kazi yake. Kuinua kitambulisho mbele ya ukumbi wa Garissa si ishara unayoibuni wewe. Ina mwenyewe tayari, naye ni askari wa kizuizini. Msemaji akiiinua hivyo hivyo, watu wanakaa wima kabla hajasema neno.

Kwa hiyo mimi huanza na mkono, maneno yanafuata. Hotuba ninayotaka kuieleza hapa ni ya dakika nane, ya msichana wa miaka 19. Kabla ya kuandika sentensi yoyote niliweka alama mahali kadi itakapoinuliwa: mara tatu tu. Kisha nikajiuliza kila mara inainuliwa mbele ya nani. Hilo ndilo swali kubwa, kwa sababu kadi yenyewe haibadiliki. Anayebadilika ni yule anayeonyeshwa.

Mara ya kwanza ni nyepesi. Msichana anasimulia safari ya babu yake, basi linasimama, anasema, "Babu akashuka." Sentensi inaisha. Mkono unapanda, kadi inakaa shavuni kwa pumzi mbili, kimya. Haelezi kitu. Ukisema na kuinua kwa wakati mmoja, macho yanafuata kadi na masikio yanaachwa nyuma.

Mara ya pili ni Novemba 1989, na hapa nilikaa wiki nzima. Mwezi huo serikali iliamuru Wasomali wa Kenya wenye miaka 18 na zaidi wapigwe msasa upya. Mtu alikwenda mbele ya jopo na karatasi zake, akaulizwa ukoo na jamaa zake, na akikubaliwa alipewa kadi ya pili, ya rangi ya waridi. Kuanzia hapo kitambulisho cha kawaida hakikumtosha Msomali, aliulizwa "na ile ya pinki iko wapi?" Katika rasimu ya kwanza msichana alikuwa na kadi mbili, moja kila mkono. Ilionekana kama mwalimu anafundisha rangi. Nikaiondoa ile ya waridi. Sasa mkono wa kulia unainua kitambulisho, sauti inauliza swali la askari, na mkono wa kushoto unapanda mtupu, unabaki hewani pale pale usawa wa shavu jingine. Kitu kimoja, mikono miwili. Wazee waliokuwa watu wazima mwaka 1989 wanaiona kadi ya pili bila kuonyeshwa.

Mara ya tatu haina kadi kabisa. Katika miaka ya ukame, familia za Wakenya walioishi karibu na kambi za Dadaab zilijiandikisha kama wakimbizi ili wapate chakula na matibabu. Watoto wao walichukuliwa alama za vidole. Wakifika miaka 18 wanaomba kitambulisho, mashine inasema vidole hivi ni vya mkimbizi. Maelfu walikwama hapo. Msichana wa hotuba ni mmoja wao, jambo ambalo ukumbi haukulijua. Ile kadi ilikuwa ya babu. Anaiweka mezani, anarudi katikati, anasema, "Basi likasimama. Nikashuka." Mkono wa kulia unapanda, vidole viwili vimekaa kama vimeshika kitu.

Mambo madogo huharibu haya yote. Kitambulisho kina upana wa sentimita nane na nusu hivi. Kutoka safu ya kumi ni doa tu. Wengine hutengeneza cha katoni, kikubwa kama sinia, na hapo umeshaua ile ishara ya foleni, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwonyesha askari sinia. Acha kidogo. Mtu anaijua kadi kwa jinsi inavyotoka mfukoni. Pia usipande jukwaani na kitambulisho halisi. Simu za watu ziko juu, na jina na namba vinasomeka picha ikivutwa karibu. Wala usichapishe cha kuiga, hilo ni kosa la jinai. Kipande cha plastiki cheupe cha ukubwa ule ule kinatosha.

Hitilafu kubwa zaidi ni msemaji kuizoea kadi. Anaichezea, anaitumia kuelekeza kidole, anaipunga akikasirika. Inapofika dakika ya nne hakuna anayeitazama. Nina njia moja ya kujua: baada ya mazoezi namwuliza mtu aliyekaa nyuma, kadi ilipokuwa juu alikuwa amesema nini? Akiirudia sentensi, kadi iko mahali pake. Akinijibu "alikuwa anaonyesha ID", naondoa mwinuko huo. Na kadi isipokuwa juu, ikae mfukoni. Isibaki mkononi hata kidogo.

Februari 2025 Rais William Ruto alitia sahihi mjini Wajir tangazo la kuondoa msasa wa ziada kwa waombaji wa vitambulisho wa kaunti za mpakani. Wenzangu wawili waliniambia hotuba imepitwa na wakati. Sikukubali, ila niliifungua tena. Mwinuko wa kwanza na wa pili vilibaki kama vilivyo, kwa kuwa ni historia. Wa tatu niliubadilisha kitenzi: palipokuwa na "nashuka" pakawa "nikashuka", ambalo ndilo neno ulilolisoma hapo juu. Na baada ya mkono ule mtupu nikaongeza ukimya wa pumzi moja zaidi, kwa ajili ya wale ukumbini ambao bado wanasubiri vidole vyao viondolewe kwenye mashine.